Dakika Tatu za Kumtambulisha Mgeni Rasmi: Mwongozo kwa Mkuu wa Shule

Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya mahafali katika Kata ya Kibingo na kata nyingine za Kyerwa na Karagwe. Darasa la saba wanafanya mtihani wao Septemba, kidato cha nne wanaingia kwenye mtihani wa NECTA Novemba, na katikati ya hapo kila shule inatafuta siku yake, mahema yake, spika zake na mgeni rasmi wa kukabidhi vyeti na zawadi. Mvua za vuli nazo zinaanza kipindi hichohicho.

Mwongozo huu unahusu kipande kimoja tu cha siku hiyo, yaani maneno utakayosema wewe mwalimu mkuu wa shule ya msingi, au mkuu wa shule ya sekondari, kumtambulisha mgeni rasmi kabla hajahutubia. Taarifa ya shule, risala ya wahitimu na neno la shukrani ni mambo mengine, na makosa mengi ya utambulisho yanaanzia pale mkuu wa shule anapoyachanganya yote kwenye karatasi moja.

Kwa nini utambulisho uandaliwe peke yake

Zamu yako inapofika, watu wamechoka. Wanafunzi wamekaa tangu asubuhi, wengine juani kwa sababu hema halikutosha. Wazazi wameshasikia ngonjera, kwaya, igizo, taarifa na risala. Bado vyeti, zawadi na chakula. Hapo katikati anasimama mtu ambaye wengi hawajawahi kumwona, naye anatakiwa kusikilizwa kwa nusu saa.

Kila kundi mbele yako lina swali lake. Mwanafunzi anajiuliza: huyu ananihusu nini mimi? Mzazi wa Kibingo anauliza mapema zaidi: huyu ni wa wapi, ni mtoto wa nani? Mwalimu anataka kujua kama mgeni atasaidia chochote kuhusu maabara isiyoisha au nyumba za walimu. Na mgeni mwenyewe, ingawa hasemi, anasikiliza kama shule inamjua au imemwita kwa cheo chake tu.

Utambulisho mzuri unajibu swali la mwanafunzi kwanza, la mzazi la pili, na mgeni anapata jibu lake humohumo. Swali la mwalimu uliache. Lina mahali pake kwenye taarifa ya shule, na nitaeleza chini kwa nini ni hatari kuligusa hapa.

Hatua ya 1: Kubalianeni nani anasema nini

Katika mahafali mengi mgeni mmoja anatambulishwa mara tatu. Mshereheshaji anamtaja wakati wa utambulisho wa meza kuu, mkuu wa shule anamweleza tena kwenye taarifa, kisha mwenyekiti wa bodi anasimama kumkaribisha na kurudia wasifu uleule. Mara ya tatu hakuna anayesikiliza.

Siku chache kabla, kaa na mshereheshaji na mwenyekiti wa bodi (kwa shule ya msingi, mwenyekiti wa kamati ya shule) mgawane hivi:

1. Mshereheshaji anataja jina na cheo tu, mgeni anasimama, anapunga mkono, anakaa.
2. Wewe ndiye unayeeleza mgeni ni nani, mara moja tu, muda mfupi kabla ya hotuba yake.
3. Mwenyekiti akitaka kwa heshima ya nafasi yake awe yeye wa kumwita mgeni kwenye kipaza sauti, basi wewe unamaliza utambulisho na kumkabidhi mwenyekiti, naye anasema sentensi moja ya kukaribisha.

Andikeni hivyo kwenye ratiba. Ratiba inayosema tu "utambulisho" bila jina la mtu inamwachia kila mwenye kipaza sauti kuutafsiri anavyotaka.

Hatua ya 2: Mpigie mgeni simu, usitegemee wasifu wa kwenye karatasi

Barua ya mwaliko ikishajibiwa, piga simu wiki moja kabla. Kama mgeni ni kiongozi mkubwa utazungumza na msaidizi wake, na hilo linatosha. Maswali ni matano:

1. Ungependa utajwe kwa jina gani na kwa cheo gani?
2. Cheo chako cha sasa kinaandikwaje kwa ukamilifu?
3. Una uhusiano gani na Kibingo, na wilaya hii, au na shule kama yetu?
4. Katika kazi yako, ni jambo gani moja ambalo mwanafunzi wetu angelielewa na kulikumbuka?
5. Kuna jambo usilopenda tulitaje?

Swali la tano wengi hulisahau, nalo ndilo linaloepusha aibu. Kuna mtu aliyeachana na mwenza wake na hapendi tena kuitwa kwa jina la ndoa. Kuna aliyeacha shule akarudi baadaye, na anajivunia kulisimulia mwenyewe lakini hataki litangazwe na mwingine. Kuna aliyehama chama. Uliza, andika, heshimu.

Swali la pili linahitaji kuulizwa tena jioni ya kuamkia mahafali. Vyeo vya serikali hubadilika kwa tangazo moja la usiku. Tazama mfano wa karibu yetu kabisa: Innocent Bashungwa, aliyechaguliwa kuwa mbunge wa Karagwe mwaka 2015, alikabidhiwa Viwanda na Biashara mwaka 2019, Habari mwishoni mwa 2020, TAMISEMI Januari 2022, Ulinzi Oktoba mwaka huohuo, Ujenzi 2023 na Mambo ya Ndani Desemba 2024. Shule ambayo ingemwalika na kutumia karatasi ya mwaka uliotangulia ingekosea mara nyingi. Wakuu wa wilaya na wakurugenzi nao huhamishwa hivyohivyo.

Jina litamke kwa sauti ukiwa kwenye simu na mwombe akusahihishe. Walimu wengi wa Kyerwa wametoka mikoa mingine, na majina yanayoanza kwa Rwe, Kya au Nya huwakwama ulimini mbele ya watu. Yasome mara kadhaa mbele ya mwalimu mzaliwa wa hapa. Mgeni anaweza kukusamehe ukisahau shahada yake. Jina la baba yake likiharibika mbele ya ukoo wake uliokuja kumtazama, hilo halisahauliki.

Halafu kuna jambo la wilaya. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Mgeni aliyesoma hapa kabla ya hapo alisoma katika Wilaya ya Karagwe, na vyeti vyake vinaweza kusema hivyo. Ukisema "alisoma Wilaya ya Kyerwa mwaka 1995" wazee watatazamana. Sema "alisoma hapahapa Kibingo, wakati huo tukiwa bado Karagwe", na kila mtu ataelewa.

Hatua ya 3: Itifaki iwe sentensi moja

Itifaki ina sababu zake. Kiongozi aliyeacha kazi zake akaja shuleni anastahili kutajwa, na aliyerukwa hukumbuka. Lakini wote wameshatajwa na mshereheshaji. Huna haja ya kuwataja upya mmojammoja.

Anza na mgeni rasmi, kisha mwenyekiti wa bodi au kamati, kisha viongozi wa serikali na wa dini kwa ujumla wao, walimu, wazazi, wanafunzi. Funga kwa "itifaki imezingatiwa" na uendelee. Hiyo ni sekunde ishirini. Salamu za dini nazo zitolewe mara moja kila moja, bila kurudia hadi waitikie kwa sauti kubwa.

> Kisanduku: vyeo vinavyokosewa mara nyingi
>
> Mbunge, diwani, mkuu wa wilaya na mwenyekiti wa halmashauri kwa mazoea huitwa *Mheshimiwa*. Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri na maofisa wake ni watumishi wa umma, nao huitwa *Ndugu*.
>
> Askofu wa Kikatoliki, kama wa Jimbo la Kayanga, ni *Mhashamu*. Askofu wa KKKT, kama wa Dayosisi ya Karagwe, wengi humwita *Baba Askofu*. Sheikh wa wilaya ni *Sheikh*, na jina lake hufuata.
>
> Mwenye shahada ya uzamivu ni *Daktari* hata kama hatibu wagonjwa. Mganga wa zahanati wanakijiji humwita daktari kwa heshima. Wote wawili wakiwapo, taja kazi ya kila mmoja ili wanafunzi wasichanganyikiwe.
>
> Ukiwa na shaka nani atangulie, muulize afisa tarafa au mtendaji wa kata siku moja kabla. Usiulizane kwenye meza kuu.

Hatua ya 4: Chagua jambo moja, achana na mengine

Hapa ndipo kazi ilipo. Mgeni atakuletea wasifu wa kurasa mbili: alizaliwa lini, shule ya msingi, sekondari, cheti, stashahada, shahada ya kwanza, ya pili, kazi ya kwanza, ya pili, kamati alizokaa, nishani alizopata. Ukiusoma wote, mwanafunzi anasikia orodha ya majina ya vyuo asivyovijua. Mwishoni amebaki na wazo moja tu, kwamba mtu huyu ni mkubwa na yuko mbali naye.

Tafuta kitu kimoja katika kazi ya mgeni ambacho mwanafunzi wa Kibingo ameshakigusa kwa mkono wake. Meneja wa chama cha ushirika anahusika na bei ya kahawa ambayo watoto hawa wameianika uani kwao. Mhandisi wa RUWASA anahusika na bomba lililofika au ambalo halijafika kijijini. Ofisa wa uhamiaji anakaa kwenye mpaka ambao ndugu zao huuvuka kwenda Uganda. Anzia hapo, ndipo utaje cheo. Cheo kikija baada ya kazi kueleweka, kinabaki kichwani.

Baada ya hapo tafuta uzi unaomfunga mgeni na mahali hapa. Kama ni mzaliwa, ni rahisi. Kama ametoka mbali, usimtungie undugu. Sema ukweli: "Ni mara yake ya kwanza kufika Kibingo, amekuja kwa barabara ya Omurushaka, na kabla hajaketi ameomba kuona maabara yetu." Jambo dogo alilofanya asubuhi hiyo shuleni lina uzito kuliko sifa za jumla. Acha mistari miwili mitupu kwenye karatasi yako kwa ajili ya jambo kama hilo, kisha umtazame vizuri anapokagua maonesho ya kitaaluma na kusaini kitabu cha wageni.

Hatua ya 5: Andika, kisha pima kwa saa

Lenga maneno yasiyozidi 300. Ukisoma kwa utulivu, ukisubiri vicheko na makofi, ni kama dakika tatu. Andika kwa Kiswahili hata kama sekondari mnafundisha kwa Kiingereza, maana mzazi amekuja kusikia, naye ndiye mwenyeji wa siku. Kama wapo bibi na babu wasiokiweza Kiswahili vizuri, sentensi moja ya Kinyambo inatosha. Usipoijua lugha hiyo, mwombe mwalimu anayeijua aiseme, usiijaribie jukwaani.

Soma kwa sauti ukiwa umesimama, simu ikipima muda. Ukizidisha dakika nne, punguza wasifu kwanza. Usiguse sehemu inayozungumza na wanafunzi.

Mfano uliokamilika

Mfano huu nimeutunga ili uone namna vipande vinavyoungana. Tuseme mgeni ni mama mzaliwa wa Kibingo, mtaalamu wa maabara katika Hospitali ya Nyakahanga wilayani Karagwe, na shule ni sekondari ya kata.

> Ndugu mgeni rasmi, mwenyekiti wa bodi ya shule, viongozi wa serikali na wa dini, walimu wenzangu, wazazi wetu na wanafunzi, itifaki imezingatiwa.
>
> Wanafunzi, nianze na ninyi. Nani hapa amewahi kuumwa malaria? Nyosheni mikono. *(Subiri.)* Karibu wote. Shusheni.
>
> Ulipofikishwa hospitali walikutoboa kidole, tone la damu likapakwa kwenye kioo, ukaambiwa kaa nje usubiri. Wewe ukiwa nje na mama yako, ndani kulikuwa na mtu ameinamia hadubini anatafuta vimelea kwenye damu yako. Dawa uliyopewa ilitokana na alichokiona yeye. Wewe hukumwona uso.
>
> Leo mtamwona. Mgeni wetu ni mtaalamu wa maabara katika Hospitali ya Nyakahanga, na kazi hiyo ameifanya kwa miaka 12.
>
> Wazazi, huyu ni mtoto wenu. Alimaliza darasa la saba katika kata hii mwaka 1999, wakati huo tukiwa bado Wilaya ya Karagwe. Mwalimu aliyemfundisha darasa la sita yupo nasi, amekaa mstari wa pili. Mwalimu wetu, tunaomba usimame tukuone. *(Makofi.)*
>
> Nilimuuliza ni somo gani lilimtesa sekondari. Akaniambia kemia. Kidato cha pili alipata alama 18, na ameniruhusu niwaambie. Anasema alichofanya baada ya hapo atawaeleza mwenyewe, kwa hiyo mimi sitasema.
>
> Leo atakabidhi vyeti kwa wahitimu wetu, na zawadi ya kemia ataitoa kwa mkono wake. Akimaliza kuzungumza atapokea maswali mawili kutoka kwa wanafunzi, basi anzeni kuyafikiria sasa.
>
> Naomba tusimame, tumpokee mgeni wetu rasmi, Bi. ………

Angalia mambo matatu katika mfano huu. Jina limekuja mwisho kabisa, ili makofi yawe yake na asifike kwenye kipaza sauti watu wakiwa kimya. Alama 18 imetajwa kwa ruhusa, na hadithi yenyewe ameachiwa mgeni. Kosa la kawaida ni mkuu wa shule kumaliza kisa chote kizuri, mgeni akasimama akiwa hana la kusema. Na wanafunzi wamepewa kazi ya kufanya wakati wa hotuba. Mtoto aliyeambiwa atafute swali husikiliza tofauti na aliyeambiwa tu anyamaze. Ahadi hiyo ya maswali, hata hivyo, usiitoe kabla mgeni hajaikubali kwenye simu.

Shahada za mgeni hazimo humo, wala hazijakosekana. Kama anapenda zitajwe, ziweke kwenye karatasi ya ratiba chini ya jina lake.

Mgeni akituma mwakilishi

Hili hutokea mno, hasa mgeni akiwa mkuu wa wilaya au mbunge. Saa tatu asubuhi unapigiwa simu kuwa amepata dharura na anayekuja ni mwingine. Wengi hapo husoma wasifu wa aliyetuma, kisha kwa haraka hutaja jina la aliyekuja. Mtu aliyesafiri hadi kwenu anabaki amekaa akisikiliza sifa za mtu asiyekuwapo.

Fanya hivi:

1. Muulize aliyepiga simu jina kamili na cheo cha mwakilishi, na namba yake au ya dereva.
2. Mwakilishi akifika, mchukue ofisini kwa dakika tano kabla hajaingia uwanjani. Wakati anasaini kitabu cha wageni, muulize maswali ya tatu na ya nne ya Hatua ya 2.
3. Andika upya nusu ukurasa. Taja aliyetuma kwa sentensi moja: "Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya tuliyemwalika amemtuma kwetu …" Kisha utambulisho wote uwe wa aliyekuja.
4. Usiombe radhi kwa hadhira kana kwamba wamepata pungufu. Waambie wazi kwamba leo mgeni rasmi ni huyu.
5. Mweleze mshereheshaji mabadiliko kabla hajashika kipaza sauti, na cheti au zawadi yenye jina la aliyetuma isitolewe kwa mwakilishi kana kwamba ni yake. Sema ni ya kumfikishia.

Mambo ya kuepuka

*Fedha.* Tangu Januari 2016 elimu ya shule za serikali hadi kidato cha nne haina ada, na Januari 2018 Rais Magufuli alikataza michango ya lazima na kuwaondoa walimu katika kuipokea. Wazazi hawajasahau. Ukisema "mgeni wetu hajawahi kuja mikono mitupu" au "tunajua ana moyo wa kutoa", umembana mgeni mbele ya watu, na mzazi aliye nyuma anasikia kwamba mwisho wa siku bakuli litapita. Mahitaji ya shule yaandikwe kwenye taarifa na risala, na mgeni atumiwe nakala siku kadhaa kabla ili aje akijua. Kama kuna changizo la hiari, lipangwe na bodi na serikali ya kijiji, litangazwe na wao. Mtambulishaji asiliguse.

*Siasa.* Mgeni mwanasiasa anatambulishwa kwa nafasi anayoitumikia. Usimwite "mbunge wetu ajaye", usitaje chama, usimlinganishe na aliyemtangulia, na mwaka wa uchaguzi uwe makini maradufu. Kwenye mahema wamekaa wazazi wa vyama vyote na watoto ni wao wote.

*Matokeo.* Usitumie utambulisho kuwakemea wanafunzi: "Mgeni wetu alipata divisheni ya kwanza, ninyi mnapata sifuri." Mgeni anakosa raha, na walio karibu kufanya mtihani wanaondoka wamevunjika mioyo wiki chache kabla ya chumba cha mtihani.

*Habari za mtoto.* Usimwoneshe mgeni mwanafunzi fulani kuwa ni yatima, mlemavu au aliyerudi shuleni baada ya kujifungua, eti kuonesha shule inawajali. Kama mgeni anataka kumsaidia mwanafunzi, hilo lizungumzwe ofisini na mlezi akiwapo.

*Utajiri.* Gari, nyumba na biashara za mgeni si sababu ya mwanafunzi kumsikiliza. Kazi aliyofanya ndiyo sababu.

Mvua, umeme na kipaza sauti

Mvua ya Oktoba ikipiga bati la bwalo, hakuna atakayesikia hata ukipiga kelele. Kwa hiyo uwe na toleo la pili, la dakika moja, kwenye kadi tofauti: jambo moja la kazi ya mgeni, uzi wake na Kibingo, jina. Mvua ikianza, soma hiyo na umpe mgeni nafasi kabla uwanja haujawa tope na wazazi hawajaanza kuondoka kuwahi bodaboda.

Jenereta liwekwe nyuma ya jengo, mbali na meza kuu. Jaribu kipaza sauti saa moja kabla kwa kusoma sentensi mbili za utambulisho wako, huku mwalimu mmoja akisimama mstari wa mwisho kabisa. Kama hasikii "Nyakahanga" vizuri, sogezeni spika.

Simama upande ambao mgeni ataonekana na wanafunzi wote, usimpe mgongo. Karatasi ishike kifuani. Ukishataja jina, mgeukie, pisha kipaza sauti, usibaki pembeni kuongeza neno. Rekebisha kimo cha stendi kabla hajafika, maana mgeni mfupi anayehangaika na stendi anapoteza makofi uliyomwandalia.

Orodha ya kuhakiki

Wiki moja kabla:
- [ ] Nimempigia mgeni, maswali matano yamejibiwa
- [ ] Mshereheshaji na mwenyekiti wanajua mgawanyo wetu
- [ ] Mgeni ametumiwa taarifa ya shule na risala

Siku moja kabla:
- [ ] Cheo kimehakikiwa upya
- [ ] Jina nimelitamka mbele ya mwalimu mzaliwa wa hapa
- [ ] Nimesoma kwa saa, sijazidi dakika nne
- [ ] Kadi ya dakika moja ipo
- [ ] Ruhusa ya kila jambo binafsi ninayo

Asubuhi ya mahafali:
- [ ] Kipaza sauti kimejaribiwa kutoka mstari wa mwisho
- [ ] Namba ya dereva au msaidizi wa mgeni iko kwa makamu mkuu wa shule
- [ ] Mistari mitupu imejazwa jambo alilofanya mgeni shuleni
- [ ] Mtu niliyepanga kumwomba asimame amefika, na anajua ataombwa

Shughuli ikiisha, karatasi usiitupe. Andika nyuma yake muda uliotumika, mahali watu walipocheka au kunyamaza, ahadi ya mgeni na namba yake ya simu, uiweke kwenye faili la mahafali pamoja na ratiba, na nakala moja mpe mgeni akiondoka. Mkuu wa shule atakayepokea kiti chako atajua mgeni wa mwaka huo alikuwa nani, alisema atafanya nini, na amtafute kwa namba gani.